Jibu Refu la Mzee Tarehe

Anayesikia la mkuu huvunjika guu. Wahenga walisema kinyume, najua, lakini wahenga hawakuwahi kuwa makatibu wa jopo la mtihani wa Historia ambalo mwenyekiti wake ni baba mkwe. Kiberiti alikuwa. Na angelisikia la mkuu wiki ile, lisingevunjika guu tu, bali na mkataba wake wa kazi.

Kiberiti ndilo jina alilobandikwa na walimu wenzake, kwa sababu ukimsugua kidogo tu anawaka. Baba mkwe naye alikuwa na lake. Wanafunzi wa vizazi vitatu walimwita Mzee Tarehe, maana ukimwuliza saa ngapi, atakutajia kwanza saa ilibuniwa lini. Alikuwa amefundisha Historia miaka thelathini na minane, na katika mtihani wa pamoja wa shule sita, maswali ya kuchagua yalikuwa arobaini, thelathini kati yake yametoka kwenye kalamu yake. Tisa yalitungwa na walimu wengine. Moja, swali la thelathini na nne, lilikuwa la Kiberiti. Alilipenda kama kifungua mimba wake.

Matokeo yalipotoka, wanafunzi mia mbili na tisini kati ya mia tatu na kumi na wawili walikuwa wamefaulu. Hisabati walifaulu robo. Afisa taaluma, mtu mwembamba aliyesomea kilimo na asiyejua kucheka bila kukohoa, akaandika barua ya mistari mitatu: Hili ni somo au ni sadaka? Ijumaa jopo lije na takwimu za kuonyesha kwamba mtihani huu unamtofautisha anayejua na asiyejua. Likishindwa, alama za Historia hazitahesabiwa katika kuchagua wanaoendelea na masomo ya juu.

Mkuu wa shule alimwita Kiberiti ofisini, akamfafanulia barua hiyo kwa lugha ya nyumbani. "Somo lisipohesabiwa watoto watalikimbia. Watoto wakilikimbia, mimi na mwalimu wa pili wa Historia wa nini? Mkataba wako unaisha mwezi wa kumi na mbili, mwalimu. Sikutishi."

"Hapana, mkuu. Umenipapasa tu," Kiberiti akasema, akatoka.

Nyumbani, Mzee Tarehe alikuwa ameshaimaliza kazi yote kichwani. Kiberiti na mumewe walikaa vyumba viwili vya uani, kwa hiyo mwenyekiti wa jopo alikuwa hatua ishirini tu kutoka jikoni kwake.

"Chukua kalamu, mkwe," akasema, amekaa kwenye kochi lake kama hakimu. "Andika. Wanafunzi wamefaulu kwa kuwa wamefundishwa, wamefundishwa kwa kuwa wapo walimu waliobobea, na walimu hao wamebobea kwa kuwa..."

"Baba, afisa anataka takwimu."

"Hiyo ni takwimu. Mia mbili na tisini."

"Hiyo inasema wangapi wamepita mlangoni. Haisemi kama mlango ulikuwa na komeo."

Mzee alimtazama mwanawe, mume wa Kiberiti, amsaidie. Mume alikuwa muuguzi, mtu wa amani. "Mimi nashona vidonda, sishoni midomo," akasema, akaenda zamu.

Jumatano baada ya vipindi Kiberiti alibeba karatasi zote za majibu hadi chumba cha ramani, akafunga mlango. Alizipanga kwa alama, kutoka ya juu kabisa hadi ya mwisho, rundo refu kama mto wa kulalia. Kutoka juu akahesabu themanini na nne, akaziweka kushoto: hawa ndio mafahali. Kutoka chini akahesabu themanini na nne, akaziweka kulia: hawa ndio wenzangu na mimi. Waliobaki katikati akawaacha wapumzike. Kisha akaanza swali moja moja: wangapi wa juu wamepata, wangapi wa chini wamepata, na waliokosa walikimbilia jibu lipi.

Hesabu yenyewe haihitaji shahada. Swali zuri hupatwa na wengi wa juu na wachache wa chini. Likipatwa na wote sawasawa, halijakwambia kitu, umepoteza wino. Na likipatwa zaidi na wa chini kuliko wa juu, hapo shika kichwa, maana swali lako linawaadhibu waliosoma.

Swali la sita: wa juu themanini na mmoja, wa chini themanini. Kiberiti akarudia kuhesabu, akidhani amechanganya marundo. Hakuchanganya. Kati ya watoto mia moja na sitini na wanane, saba tu ndio waliokosa, na tofauti ya vinara na wavuta mkia ilikuwa mtoto mmoja. Swali la tisa, vilevile. La kumi na moja, vilevile. Kila alipofika kwenye swali la Mzee Tarehe, wa juu na wa chini walikuwa wameshikana mikono kama maharusi.

Swali rahisi si dhambi. Mawili matatu ya kumpangusa mtoto jasho la hofu mwanzoni mwa mtihani hayana ubaya. Na mambo mengine watoto huyajua kweli. Lakini hawa wa kulia walishindwa hata na swali la mwalimu mwingine kuhusu jambo lilelile la Mapinduzi ya Viwanda. Sasa huku walilijulia wapi?

Akalisoma upya swali la sita.

Sababu mojawapo ya Mapinduzi ya Viwanda kuanzia Uingereza ni: A. Mvua. B. Uvivu. C. Kuwepo kwa makaa ya mawe na chuma kwa wingi, mtaji uliotokana na biashara ya ng'ambo, pamoja na masoko yaliyokuwa yakipanuka siku hadi siku. D. Bahati.

Mvua haikuchaguliwa na mtu hata mmoja. Uvivu, hakuna. Bahati ndiyo iliyowapata wale saba. Majibu ya uongo yamewekwa pale yamdanganye asiyejua. Haya yalisimama kama sanamu za kuwatisha ndege, na ndege wamezitulia kichwani.

Kiberiti alicheka mpaka akaketi. Kisha akachukua karatasi safi, akanakili majibu ya maswali yote thelathini ya mzee, A mpaka D, bila maswali yenyewe. Akaenda nayo nyumbani kwa mtu mmoja aliyemjua ambaye hakuwahi kusoma Historia hata ukurasa.

Mama mkwe alikuwa kwenye cherehani yake barazani, anapinda pazia la watu. Kushona mapazia ndiko kulikomlea mumewe miaka ile mishahara ilipokuwa ikichelewa, na hakuacha kumkumbusha.

"Mama, nisaidie kitu. Hapa kuna majibu, maswali hayapo. Weka alama kwenye lile unaloona ndilo."

"Maswali yako wapi?"

"Nimeyaficha."

"Ndiyo elimu ya siku hizi hiyo?" Akavuta miwani kutoka kwenye nywele. "Kaa hapo ushike pindo hili lisivutike."

Alimaliza maswali thelathini kabla Kiberiti hajachoka mkono. Kiberiti akasahihisha palepale, juu ya meza ya cherehani, akiwa na uzi mdomoni. Mtu anayebahatisha tu kwenye majibu manne angepata saba au manane. Mama mkwe alipata ishirini na sita.

"Mama! Umejuaje?"

"Nimejua nini?"

"Umepata ishirini na sita kati ya thelathini! Kuna watoto wamekesha kwa hili!"

Mama mkwe akarudisha miwani kwenye nywele. "Huu ni mwandiko wako, lakini maneno ni ya mume wangu. Mimi nimeishi naye miaka thelathini na mitano. Akisema kweli, huwa anaongea sana. Atakutolea sababu, na mwanzo wa sababu, na binamu ya sababu. Akidanganya, anakata. 'Ulikuwa wapi?' 'Kazini.' Basi. Mimi nimechagua marefu tu."

"Na yale manne uliyokosa?"

"Hayo," mama akasema, anakanyaga cherehani, "labda siku hiyo alikuwa na homa."

Kwa hiyo watoto wa rundo la kulia hawakujua Historia. Walimjua Mzee Tarehe. Na hapo Kiberiti alipaswa kufurahi, maana takwimu za afisa alikuwa nazo mkononi: palipo na ugonjwa, ulipoanzia, na dawa yake. Alifurahi kweli, mpaka alfajiri ya Alhamisi aliporudi chumba cha ramani kumalizia maswali yaliyobaki, akafika kwenye la thelathini na nne.

Lake.

Alilihifadhi kwa makusudi, kama mtoto anavyobakiza kipande cha nyama mwisho wa sahani. Ukilitazama kwa jumla lilikuwa malkia: katika watoto wa marundo yote mawili, arobaini na tano kwa mia wamepata. Si rahisi, si gumu. Majibu yake manne yalilingana urefu, sawa kama viatu vya gwaride. Akatenganisha marundo.

Wa juu waliopata: ishirini na tisa. Wa chini waliopata: arobaini na saba.

Akahesabu tena kwa kidole. Akahesabu mara ya tatu kwa sauti. Akatazama orodha ya majibu sahihi, akiomba liwe kosa la mchapaji. Herufi ilikuwa ileile aliyoiandika yeye. Katika maswali yote arobaini, likiwemo lile la Mvua na Uvivu, ni moja tu lililowapiga mwereka waliosoma na kuwabeba wasiosoma. Nalo lilitungwa na yeye, mhakiki wa watu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilizuka mwaka 1914 kwa sababu ya: A. Kushuka kwa bei ya nafaka Ulaya Mashariki. B. Uhasama wa muda mrefu wa mataifa makubwa. C. Kuuawa kwa mrithi wa ufalme wa Austria. D. Kukataliwa kwa mikopo ya reli na bandari.

Jibu lake lilikuwa C. Wa juu arobaini na tisa walichagua B.

Wakati wa mapumziko aliwaita watatu kati yao, wa shule yake. Hakuwaambia wamekosa. Aliwauliza tu kwa nini B.

"Mwalimu, si wewe uliyetufundisha?" binti mmoja akasema, akitazama wenzake kama anayeogopa mtego. "Ulisema yule mrithi kuuawa ilikuwa njiti tu. Petroli ilishamwagwa miaka mingi. Ukasema anayesema vita ilikuja kwa ajili ya mtu mmoja kupigwa risasi, hajasoma, kasimuliwa."

"Nilisema hivyo?"

"Ulirudia mara mbili. Ulipiga na meza."

Kiberiti akawarudisha darasani. Alitaka kuuliza tukio gani liliwasha vita, akaandika kwa nini vita vilizuka. Aliyesimuliwa akajibu kisa. Aliyeelewa akajibu mzizi, akanyimwa alama. Na watoto wawili wa rundo la juu, aliwaona kwenye orodha, walikosa daraja la kwanza kwa alama moja.

Sasa shetani, ambaye naye ni mwalimu mzoefu, akamnong'oneza. Wewe ndiye katibu. Swali moja kati ya arobaini. Andika "limeondolewa kwa sababu za uchapaji." Nani atajua? Ukienda mbele ya afisa na uozo wako, mkataba wa Desemba utausikia redioni. Mzee naye hatakusahau hadi kaburini. Kila mkikaa mezani atakuuliza unataka chumvi kwa sababu ya njiti au ya petroli.

Kiberiti akasonya, akaliandika ukurasa wa kwanza.

Ijumaa, kituo cha walimu kilikuwa na viti vya plastiki, feni isiyozunguka na bango la usafi wa mikono. Walimu wa jopo walikuwa sita. Afisa taaluma alikaa pembeni na daftari. Mzee Tarehe, ndani ya koti lake la vikao, alifungua kwa maneno machache. Alipofika mwaka wa sabini na tisa, afisa akakohoa.

"Katibu, takwimu."

Kiberiti akasimama. "Naanza na swali baya kuliko yote. La thelathini na nne. Ni la kwangu." Akaonyesha marundo yake kwa namba, akaeleza B na C, akasema alivyowauliza watoto. Akamaliza: "Lisihesabiwe kwa mtu yeyote, alama zipangwe upya. Na lisiingie kwenye hazina ya maswali mpaka liandikwe upya na kujaribiwa."

Uso wa Mzee Tarehe ulichanua. "Andikeni! Iingie kwenye kumbukumbu za kikao! Nimesema siku zote, hawa vijana wana haraka..."

"Inaingia, Mwenyekiti. Mimi ndiye ninayeandika. Sasa tuje kwenye maswali ishirini na sita ya kwako."

Mwalimu wa shule ya wasichana, mama mnene mwenye macho ya fitina, akasogeza kiti karibu ili asipitwe.

Kiberiti akataja la sita, la tisa, la kumi na moja. Wa juu themanini na mmoja, wa chini themanini. Akasema majibu sahihi ni marefu na ya uongo ni mafupi, na kwamba mtu mmoja aliyepewa majibu bila maswali amepata ishirini na sita kati ya thelathini.

"Huyo ameiba mtihani!" Mzee akapiga meza. "Ni nani? Wa shule gani?"

"Hana shule, Mwenyekiti. Anashona mapazia."

Mwalimu wa shule ya wasichana akatoa sauti kama birika linaloanza kuchemka. Mzee alimwangalia mkwewe kwa muda mrefu. Ndani ya kichwa chake mapazia yalikuwa yakitafuta dirisha lake, na yakalipata.

"Na huyo mshonaji," akasema polepole, "alijuaje?"

"Tuliache hilo, Baba."

"Hapa mimi si Baba. Mwenyekiti anauliza. Alijuaje?"

"Mwenyekiti, afadhali nikwambie nyumbani."

"Sema mbele ya jopo!"

Kiberiti alisema. Neno kwa neno, pamoja na binamu ya sababu, pamoja na "Kazini. Basi." Mwalimu wa shule ya wasichana aliinama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuanguka. Afisa taaluma alikohoa mpaka akapewa maji.

Aliposhusha pumzi, afisa akachukua karatasi ya mtihani, akaziba maswali kwa daftari lake, akamsogezea mzee. "Mwenyekiti, tusomee majibu tu. Kwa sauti."

Mzee akasoma kwa ukaidi. "Mvua. Uvivu. Kuwepo kwa makaa ya mawe na chuma kwa wingi, mtaji uliotokana na..." Pumzi ikamwishia njiani. Akaenda la tisa. "Hofu. Kilimo. Upepo. Kukua kwa tabaka la wafanyabiashara ambao, kwa kuwa walikuwa wamenyimwa nafasi katika utawala..." Alipofika la kumi na moja alisoma jibu la kwanza, la pili, akanyamaza kabla ya la tatu. Alikuwa amejisikia.

"Lakini ni kweli tupu," akasema, na sauti ilikuwa imepungua nguvu. "Ukweli wa historia haufupishiki. Nikiukata nitakuwa nimesema uongo."

"Basi refusha na uongo," Kiberiti akasema. "Upe uongo wako sababu, na mwanzo wa sababu. Uwe uongo wa mtu aliyesoma nusu. Hakuna anayejua makosa ya watoto kuliko wewe. Una miaka thelathini na minane ya kuyasahihisha. Yaandike hayo. Acha mvua."

Mzee akachomoa kalamu. Pembeni ya swali la sita akafuta Uvivu, akafikiri, akaandika kitu kirefu kuhusu Uingereza kuwa na watu wengi kuliko nchi zote za Ulaya. "Hili wanalikosea kila mwaka," akanong'ona. "Kila mwaka!" Akaandika jingine. Kwa dakika tano jopo zima lilimtazama mtu akitunga uongo kwa furaha ambayo hawakuwahi kuiona kwake.

Afisa akafunga daftari. Historia itahesabiwa, akasema, kwa masharti: swali la thelathini na nne litolewe na alama zipangwe upya, yale ishirini na sita yasitumike tena yalivyo, karatasi mpya ijaribiwe kwanza kwenye madarasa mengine na namba za kila swali ziletwe kwake. Na taarifa iwe na sahihi ya mwenyekiti leo leo. "Nilikuja kulifuta somo hili," akaongeza, akikohoa kidogo. "Sijawahi kuletewa takwimu zinazoanza na kosa la aliyezileta."

Kiberiti akaisukuma taarifa mezani. Mzee Tarehe akaisoma yote, na tanbihi zake, akatia sahihi yake ndefu. Kisha akaiwekea kiganja juu, asiiachie.

"Swali langu limekosolewa, nimekubali. Lako limekosolewa, umekubali. Lakini umelipeleka jina langu barazani kwa cherehani, mkwe. Umenivua koti mbele ya watu. Mbele ya huyu." Akamwonyesha mwalimu wa shule ya wasichana, ambaye bado alikuwa anatafuta kalamu. "Omba radhi."

Walimu wote wakamgeukia Kiberiti. Afisa naye. Ilikuwa rahisi kabisa: neno moja, na jioni wangekula kwa amani.

"Kwa watoto wawili niliowanyima daraja kwa swali langu, nitaomba radhi Jumatatu, mbele ya darasa," Kiberiti akasema. Akaishika taarifa kwenye ncha, akaivuta taratibu kutoka chini ya kiganja cha baba mkwe mpaka ikatoka yote. "Kwa hili, siombi."

"Mkwe!"

"Siombi, Baba. Si leo, si nyumbani, si mezani. Siombi."